Utando wa mstatili: utenganishe variabo tatu au uanze moja kwa moja na mfululizo wa sini mbili?

Kuna dogo mmoja namfundisha hesabu za mawimbi jioni, juzi kaniuliza kitu ambacho nilishakiulizwa mara nyingi, "Kaka, kwenye notsi kuna u = F(x)G(y)T(t), afu ukurasa wa mbele yake lekchara kaanza tu na sigma mbili na sini mbili bila kutenganisha chochote, sa mi nifuate ipi?" Nikamjibu inategemea umeulizwa nini, akanitazama kama nimemkwepa. Basi nimekaa nimeziandika zote mbili juu ya kitu kimoja tuone ipi inakupeleka wapi.

Kitu chenyewe nimechagua fremu ya kuprintia tisheti, ile neti ya polista iliyokazwa kwenye fremu ya mbao. Ngoma zetu karibu zote ni za duara na duara haliendi na sini, linaenda na fankisheni za Bessel, hiyo hadithi nyingine. Kayamba ni la mstatili lakini halina utando, lina mbegu ndani, kwa hiyo halihusiki. Ila fremu ya tisheti ni utando wa mstatili kabisa, ukiigonga kwa kidole inalia, na mafundi wengine wanajua imekazwa vizuri kwa kusikiliza tu huo mlio.

Namba zetu: upande wa x ni a = 0.6 m, upande wa y ni b = 0.4 m. Mvuto ni 20 N kwa kila sentimita ya ukingo, yaani 2000 N/m, na uzito wa kitambaa tuchukue gramu 50 kwa mita ya mraba, yaani ρ = 0.05 kg/m². Gawanya 2000 kwa 0.05 unapata 40000, hiyo ndo c², kwa hiyo wimbi linakimbia kwenye neti kwa c = 200 m/s. Ikwesheni ya wimbi ni ile ile, u ikiwa kimo cha neti pale (x,y) kwa wakati t:

u_tt = c² (u_xx + u_yy)

na kingo zote nne zimegundishwa kwenye mbao, u = 0 pale.

Njia ya kutenganisha

Hapa unajifanya jibu ni fankisheni tatu zimezidishwa, u = F(x)G(y)T(t). Ingiza kwenye ikwesheni, gawanya kila kitu kwa c²FGT, unabaki na

T''/(c²T) = F''/F + G''/G

Kushoto kuna t peke yake, kulia kuna x na y. Ukibadilisha t huku x na y umezishika, kulia hakutikisiki, kwa hiyo na kushoto hakuwezi kutikisika, lazima pande zote ziwe konstanti moja. Tuite −ν². Afu unarudia mchezo ule ule upande wa kulia, F''/F = −ν² − G''/G, kushoto x tu, kulia y tu, basi konstanti nyingine, −k². Kinachobaki kwa G ni −p², na p² = ν² − k². Watu wanapotea hapa wakidhani kuna konstanti tatu za kuchagua. Ziko mbili, ya tatu inalazimishwa na ikwesheni: ν² = k² + p². Tunza hiyo, ndo itakayokupa masafa.

Kwanini alama ya kutoa? Sio mapenzi ya lekchara. Jaribu F''/F = +k² uone, unapata F = A cosh kx + B sinh kx. Kwenye x = 0 lazima F iwe sifuri, basi A imekufa. Kwenye x = a lazima B sinh ka iwe sifuri, na sinh haipati sifuri popote zaidi ya pale mwanzo, basi B nayo imekufa, umebaki na fremu isiyocheza kabisa. Konstanti ikiwa sifuri unapata mstari ulionyooka, nao ukishikwa sehemu mbili kwenye sifuri ni sifuri tupu. Kwa hiyo ni kingo ndo zinachagua alama, na kingo hizo hizo zinasema ka lazima iwe mπ na pb lazima iwe nπ. Hivyo:

F = sin(mπx/a), G = sin(nπy/b), m na n ni 1, 2, 3, ...

ω_mn = cπ √(m²/a² + n²/b²)

Kila jozi (m,n) ni modi moja, yaani namna moja ya fremu kucheza ambapo kila nukta inapanda na kushuka kwa mwendo mmoja, kasoro ile mistari tuli ya ndani isiyosogea. Modi (2,1) ina mstari tuli mmoja unaoikata fremu katikati ya upande mrefu, nusu moja ikipanda nyingine inashuka. T inakuwa kosini na sini ya ω_mn t, hapo hamna la ajabu.

Ukitaka masafa yenyewe kwa Hz unagawanya ω_mn kwa 2π, kompyuta inakupa chapchap:

```python
from math import sqrt
a, b, c = 0.6, 0.4, 200
f = [(c/2*sqrt((m/a)**2 + (n/b)**2), m, n)
     for m in range(1, 8) for n in range(1, 8)]
for x in sorted(f)[:8]:
    print(x)
```

Inatoka 300.5 Hz kwa (1,1), afu 416.7 kwa (2,1), 527.0 kwa (1,2), 559.0 kwa (3,1), 600.9 kwa (2,2), 707.1 kwa (3,2), 712.0 kwa (4,1) na 768.3 kwa (1,3). Angalia zinavyopangana ovyo. Waya wa gitaa ungekupa 300, 600, 900, safi kabisa, ndo maana waya unaimba noti na utando unalia "du".

Na hapa kuna kosa ambalo nimelikuta kwenye daftari la huyo huyo dogo. Alikuwa na orodha 300.5, 600.9, 901.4, 1201.9, ananiambia "mbona fremu yangu inaimba kama gitaa?" Nikarudi nyuma mistari kama kumi nikakuta kaandika sin(nπx/a) sin(nπy/b), herufi moja kwa pande zote mbili! Kwa hiyo alipata (1,1), (2,2), (3,3) basi, zile za mshazari tu, na modi zote zingine kama (2,1) zimepotea. Ukiona masafa ya utando wako yanapanda kwa hatua sawa mbili, tatu, nne ya ile ya kwanza, kabla hujatafuta kosa lingine angalia herufi zako. Mhesabu wa x hauna habari na wa y, kila mmoja anahesabu vyake.

Njia ya mfululizo

Hii haitenganishi kitu. Unasema hivi: wakati wowote ule ukiipiga fremu picha, umbo lake ni fankisheni ya x na y yenye sifuri kwenye kingo zote nne, na umbo kama hilo linaandikika kwa sini mbili. Kwa hiyo

u(x,y,t) = ΣΣ B_mn(t) sin(mπx/a) sin(nπy/b)

na kisichojulikana ni B_mn(t) tu, kila kimoja ni fankisheni ya wakati. Ingiza kwenye ikwesheni. Ukidifarenshieti sini mara mbili kwa x inakurudishia sini ile ile na −(mπ/a)² mbele, kwa y vivyo hivyo, basi kila jozi inajitegemea:

B_mn'' + ω_mn² B_mn = 0

Umemaliza. Mistari minne na masafa yameshatokea yenyewe. Ndo maana malekchara wanaipenda, ubao haujai. Ila ona ilichofanya kimyakimya: imeanza na sini, yaani ilishajua jibu la maumbo kabla haijaanza. Njia ya kwanza ilizitafuta sini, hii ya pili imezikuta mezani. Kwa fremu iliyogundishwa pande zote hilo halina shida, kwa fremu nyingine litakuponza, tutalifikia.

Kwa hiyo swali likisema "tafuta modi" au "onyesha masafa yanatoka wapi", mi naenda na ya kutenganisha bila kufikiria, manake ndo inayoonyesha kwanini sini na kwanini namba kamili. Ukianza na mfululizo hapo umeandika jibu kama swali.

Ukipewa umbo la kuanzia

Tuseme fremu imevutwa kidogo ikaachiwa, umbo la mwanzo ni f(x,y) = s x(a−x) y(b−y), s ni namba tu, katikati limeinuka 5 mm. (Usifikirie ni kuivuta kwa ncha ya sindano, utando wa kwenye vitabu ukivutwa nukta moja haswa hesabu inatoa kimo kisicho na mwisho pale kwenye nukta, kwa hiyo fikiria umeisukuma kwa kitu laini kipana.) Hapa njia zote mbili zinakutana sehemu moja, lazima utafute koefishenti:

B_mn = (4/ab) ∬ f(x,y) sin(mπx/a) sin(nπy/b) dx dy

Uchaguzi wa kweli hapa unahusu intigro mbili, utazifanyaje. Ukiangalia f yetu ni kitu cha x kuzidisha kitu cha y, basi intigro mbili inapasuka kuwa intigro moja moja zikazidishwa, na zile zinafanana. Intigro ya x(a−x) sin(mπx/a) kutoka 0 hadi a inatoa 4a³/(m³π³) kama m ni witiri, na sifuri kama m ni shufwa. Kwa y vivyo hivyo na b. Zidisha, na kwa kuwa kimo cha katikati ni s a²b²/16, yote inasinyaa kuwa

B_mn = 1024 × kimo / (π⁶ m³ n³), m na n witiri zote mbili

Pai kwa sita ni kama 961.39, kwa hiyo B_11 = 5.33 mm, B_31 na B_13 ni 0.197 mm kila moja, B_33 ni 0.007 mm. Angalia B_11 imezidi 5 mm yenyewe, watu wanashtuka wanadhani wamekosea. Hujakosea, katikati ya fremu modi (3,1) na (1,3) zina alama ya kutoa manake sin(3π/2) ni −1, kwa hiyo 5.33 − 0.197 − 0.197 + 0.007 inakuja 4.94 mm, karibu kabisa na 5, na hapo nimetumia modi nne tu. Hiyo ndo cheki yangu ya kila siku, ingiza katikati uone kimo kinarudi. Kisiporudi basi au umesahau 4/ab au umeweka 2/ab kama ya waya, na ukiweka 2/ab utaona kimo kimetoka nusu haswa.

Umbo likiwa halipasuki, mfano umeinua kama paa la piramidi, usiende kwenye intigro mbili kwa pupa. Shika y kwanza kama namba tu, fanya mfululizo wa sini wa x, utapata koefishenti zinazotegemea y, afu hizo nazo uzifanyie mfululizo wa sini wa y. Jibu ni lile lile lakini akili inabeba intigro moja kwa wakati, na mipaka ya piramidi inayobadilika ukivuka mshazari unaishughulikia mara moja tu. Kwa umbo linalopasuka hii ni kujichosha bure.

Kama fremu imegongwa badala ya kuvutwa, yaani umepewa kasi ya mwanzo g(x,y), koefishenti ya sini ya wakati inagawanywa kwa ω_mn zaidi: (4/(ab ω_mn)) ∬ g sin sin. Hiyo ω chini inasahaulika sana. Angalia yuniti tu, g ni m/s na unatafuta mita, bila kugawanya kwa kitu cha "kwa sekunde" haiwezi kutoka mita. Na kitu kizuri, intigro hiyo inakuambia ugonge wapi: ukigonga katikati kabisa modi zote zenye shufwa zinapata sifuri, ile 416.7 Hz haisikiki kabisa, manake umegonga juu ya mstari wake tuli. Sogeza kidole kuelekea kona moja inarudi. Jaribu kwenye fremu yoyote utasikia mlio unabadilika.

Ukisukumwa kutoka nje

Hapa ndo mfululizo unaiacha mbali njia ya kutenganisha. Weka spika kubwa chini ya fremu inayosukuma neti yote kwa pamoja, shinikizo P sin Ωt, sawa kila mahali. Ikwesheni inakuwa

u_tt = c² (u_xx + u_yy) + (P/ρ) sin Ωt

Ingiza FGT hapo ugawanye, uone. Kile kipande cha mwisho kinakuwa P sin Ωt kikigawanywa kwa FGT, x na y na t zote zimechanganyika humo humo, hakuna namna ya kuzitoa upande mmoja. Nimeona watu wanapambana na hili kurasa mbili. Acha.

Kwa mfululizo, na msukumo nao unauandika kwa sini mbili hizo hizo. Kitu kisichobadilika na x wala y kina koefishenti 16/(π² mn) kwa witiri zote mbili na sifuri kwingine, basi kila modi inakuwa na ikwesheni yake ndogo:

B_mn'' + ω_mn² B_mn = (16P / (π² ρ mn)) sin Ωt

Hiyo ni kitu cha fomu ya uzito kwenye springi, unaifahamu toka zamani. Kile kilicho mbele ya sin Ωt tukiite q_mn. Ukianza fremu ikiwa imetulia:

B_mn = q_mn / (ω_mn² − Ω²) × (sin Ωt − (Ω/ω_mn) sin ω_mn t)

Tuweke namba. P = 1 pascal, spika iko 290 Hz, karibu na 300.5 ya modi ya kwanza. q_11 ni 16 gawanya kwa π² × 0.05, inakuja 32.4 m/s². ω_11² ni 3.564 milioni, Ω² ni 3.320 milioni, tofauti 0.244 milioni, kwa hiyo sehemu ya mbele inatoka 0.133 mm. Shusha spika hadi 200 Hz uone, inakuwa 0.016 mm, mara nane chini. Na modi (3,1) pale kwenye 290 Hz inapata 0.0012 mm tu, kama mia moja mara ndogo, kwa hiyo karibu na rezonansi unaweza kubaki na modi moja ukalala usingizi.

Vitu viwili vya kuangalia hapo. Kwanza, ule mabano wa mwisho una masafa mawili, 290 na 300.5, zikipishana zinaleta mlio unaopanda na kushuka kama mara kumi kwa sekunde, "wau-wau-wau", mpaka ile sehemu ya fremu yenyewe ichoke kwa msuguano. Pili, ukipeleka spika kwenye 416.7 Hz ukitegemea modi (2,1) itaruka, haitaruka hata kidogo, manake msukumo wa sawa kila mahali hauna (2,1) ndani yake, nusu inayotaka kwenda juu na nusu inayotaka kwenda chini zinasukumwa sawa, zinafutana. Mtu akiniambia rezonansi ipo kila ω_mn namuuliza kwanza q_mn yake ni ngapi. Na Ω ikiwa sawa kabisa na ω_11 fomula inagawanya kwa sifuri, hapo jibu ni (q/2ω²) sin ωt − (q/2ω) t cos ωt, kipande cha pili kinakua na wakati, kwenye fremu ya kweli msuguano unakizuia mahali.

Mfululizo unabeba pia shinikizo linalobadilika kwa namna yoyote na wakati, na hata spika ndogo iliyo kwenye kona, kinachobadilika ni q_mn tu.

Kingo zikibadilika

Sasa geuza. Fundi kaachia ukingo mmoja, ule wa x = a, kwenye chuma kinachoteleza juu chini huku kikiendelea kuvuta, yaani pale sio u = 0 tena, ni mteremko u_x = 0. Mtu wa mfululizo kwa mazoea anaandika sin(mπx/a) na anapata jibu linaloonekana zuri kabisa ila ni uongo, manake kila sini yake inalazimisha sifuri pale kwenye ukingo ambao kwa kweli unacheza. Hakuna kengele itakayolia, kompyuta itakuchorea tu grafu.

Mtu wa kutenganisha analazimika kuuliza F'(a) = 0 inasemaje, anapata cos ka = 0, basi k ni π/2a, 3π/2a, 5π/2a, na sini zake ni za robo, sin((2m−1)πx/2a). Masafa ya kwanza yanashuka hadi 100 × √(0.25/0.36 + 6.25), ambayo ni 263.5 Hz badala ya 300.5. Kwa hiyo mi nikiona kingo zozote tofauti na "zimegundishwa zote", natenganisha kwanza upande wa x na y kwenye karatasi ya pembeni, nazipata fankisheni sahihi, afu ndo naanza mfululizo nazo. Hapo njia zote mbili zinafanya kazi pamoja na ndo ninavyofanya mara nyingi siku hizi, hata kama kwenye jibu naandika ya pili tu.

Namba hizi zote usizichukue kama za sikio moja kwa moja. Neti ni nyepesi na inaburuza hewa, ukishaipaka ile dawa ya picha matundu yanaziba na uzito unaongezeka, kwa hiyo mlio halisi wa chini utakuwa chini ya 300. Na picha zile maarufu za mchanga za Chladni, alizozichapisha 1787, usizilinganishe na hizi, zile ni za sahani ngumu zenye ikwesheni ya daraja la nne, sio utando.

Modi mbili, mlio mmoja

Kuna sehemu moja ambapo njia yoyote utakayochagua, orodha ya masafa haikutoshi. Fremu ya mraba ina (1,2) na (2,1) zenye masafa sawa kabisa, na modi mbili zenye masafa sawa ukizichanganya kwa kiasi chochote zinabaki zikicheza kwa masafa hayo hayo. Changanya sawa kwa sawa, mstari tuli unahama kutoka katikati unakuwa mshazari wa kona kwa kona. Toa moja kwenye nyingine, unakuwa mshazari mwingine. Kwa hiyo "mstari tuli wa modi" hapo hauna jibu moja, unategemea ulivyogonga.

Unaweza kudhani 60 kwa 40 imeepuka. Imeepuka za chini tu. Uwiano wa pande ni 3 kwa 2, kwa hiyo masafa yanakwenda na 4m² + 9n², na (6,2) inatoa 144 + 36 = 180, na (3,4) inatoa 36 + 144 = 180. Zote 1118 Hz. Ndo ya kwanza kugongana kwenye fremu hii. Ukinyunyiza chumvi ukaipeleka spika hapo, usitegemee viboksi vilivyonyooka vya sini mbili, utapata mistari iliyopinda kulingana na spika ilipokaa. Na spika yenyewe itabidi uisogeze kwenye kona, manake (6,2) na (3,4) zote zina shufwa ndani yake, ile ya kusukuma sawa kila mahali haitaziamsha hata ukifungulia sauti yote.